Sehemu Iliyogeuzwa

Siku hiyo mkaguzi wa elimu alikaa nyuma ya darasa langu, nami nilikuwa nagawanya sehemu ubaoni. Robo tatu gawanya kwa nusu. Nikaigeuza nusu, nikazidisha, nikapata jibu. Mikono kibao juu!

Binti wa fundi cherehani akasimama. "Mwalimu, mbona umeigeuza? Hatujafundishwa."

"Tumefundishwa!" wenzake wakamcheka. "Jumamosi, nyumbani kwa mwalimu!"

Kweli, somo hilo nililifundisha tuisheni, sebuleni kwangu, kwa wanaolipa. Leo nimeliruka kana kwamba darasa zima lilikuwa kwenye kochi langu. Wanafunzi wangu mwenyewe nawalipisha kile ninacholipwa mshahara kuwafundisha! Na mkaguzi kayasikia yote.

Kengele ilipolia, watoto wakatoka mbio. Mkaguzi akafunga mlango, akaja mezani kwangu. Nikajiandaa kuomba radhi. Hata kufukuzwa ningekubali, mradi yaishe.

"Mwalimu," akanong'ona, "mwanangu yuko darasa la tano hapa hapa. Jumamosi una nafasi?"

Nilitaka kumtupia chaki. Lakini kalamu ya ripoti alikuwa ameishika yeye.

"Ipo, mheshimiwa," nikasema.

Akanipa mkono, akaondoka ameridhika. Nikageukia ubao niufute, nikamkuta binti wa fundi bado amesimama kwenye dawati lake, daftari mkononi.

"Mwalimu," akasema polepole, "na mimi ambaye siji Jumamosi, utanieleza lini?"