Siku Tano Kabla ya Tarehe ya Simu

Mtaani walimwita Bi Tarehe. Jina hilo hakulitafuta, lilimfuata lenyewe. Mumewe alikuwa mpiga chapa, na kila mwaka karakana yake ilitoa kalenda ya ukutani yenye tarehe mbili katika kila kijumba: ya jua kwa wino mweusi, kubwa, na ya mwezi kwa wino wa kijani, ndogo, pembeni. Kabla ya kuipiga chapa, mume na mke walikaa sebuleni wakisomeana. Yeye akitaja ya jua, mkewe anajibu ya mwezi, mpaka mwaka wote uishe. Miaka ikaenda hivyo, hata ikawa Bi Tarehe hahitaji tena karatasi.

Basi wenye haja wakawa wanamjia mlangoni. Huyu anataka kujua mama yake alikufa mwezi gani wa Kiislamu, yule kapewa cheti cha ndoa cha zamani chenye tarehe ya Hijria tupu na ofisini hawakielewi. Naye anawaeleza bila maringo kwamba mwezi unaoandama una siku ishirini na tisa au thelathini, thelathini na moja hauujui kabisa, ndiyo maana mwaka wake huwa mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na kila ukipita unazidi kuutangulia. Mtu aliyetimiza thelathini na tatu kwa mwezi, kwa jua ndiyo kwanza ana thelathini na mbili. Mumewe alikuwa na mzaha wake hapo. "Ukitaka ujana hesabu kwa jua," alisema. "Ukitaka heshima hesabu kwa mwezi."

Mume huyo alifariki tarehe saba mwezi wa kumi, nyumbani, kitandani kwake. Alikuwa ameugua kwa kitambo, na jioni ile ndugu zake walikuwa wameondoka kidogo kwenda kuswali. Kwa hesabu ya mwezi ilikuwa ishirini na tisa Mfunguo Tano, siku ya kutazamia mwandamo. Adhana ya magharibi ilipokwisha alifumbua macho akamuuliza mkewe kama umeandama. Bi Tarehe akasogea dirishani. Ulikuwepo, mwembamba kama ukucha, juu kidogo ya paa la jirani. Akasema, "Umeandama." Aliporudi kitandani mkono wa mumewe ulikuwa mzito, na hakukuwa na mtu mwingine chumbani wa kumwambia.

Akakaa eda. Ya mjane ni miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani ila kwa dharura, halali nje, hajipambi. Siku za mwanzo nyumba ilijaa, vikombe havikukauka. Baadaye wageni wakapungua, kama ilivyo desturi ya wageni, akabaki na saa ya ukutani na bomba la jikoni linalodondosha. Jioni alijikuta akitaja tarehe ya jua kwa sauti, kisha akinyamaza, akisubiri. Hakuna aliyejibu. Wa kujibu siku zote alikuwa yeye.

Binti yake wa pekee alifanya kazi ng'ambo, katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Alikuja mazishini akarudi upesi, lakini kabla ya kuondoka aliifungua simu yake, akaiuliza miezi minne na siku kumi kutoka tarehe saba inaangukia lini. Simu ikamjibu: tarehe kumi na saba mwezi wa pili. Akaomba likizo ya kuanzia siku hiyo, akakata tiketi isiyobadilishwa. Shemeji yake Bi Tarehe, mdogo wa marehemu, fundi wa majokofu, akawatangazia jamaa wote. Siku hiyo wangekuja kumtoa mjane wao, kusoma dua na kula pamoja.

Bi Tarehe alijua kuwa simu imehesabu kwa jua. Alinyamaza. Mtoto amefurahi na tarehe yake. Siku chache zaidi ndani zitamdhuru nini mtu asiye na pa kwenda?

Miezi ikaandama. Mfunguo Sita ulitimia thelathini. Mfunguo Saba ukawa wa ishirini na tisa. Mfunguo Nane, kalenda iliyoachwa na mumewe iliupa thelathini, maana kalenda hupigwa chapa kabla ya mwaka kuanza na hesabu yake ni ya kukisia. Lakini jioni ya ishirini na tisa Bi Tarehe alisimama kwenye uga wa jikoni akauona mwezi kwa macho yake, na msikitini wakatangaza kuwa umeonekana. Chini ya kila kalenda marehemu aliandika kwa herufi ndogo kwamba mwandamo ndio mwamuzi. Bi Tarehe akaingia ndani akarekebisha kijani kwa kalamu, kijumba kwa kijumba.

Mfunguo Tisa ulipokuwa ukielekea ukingoni, dada yake mkubwa akapiga simu. Dada huyu ndiye aliyemlea Bi Tarehe baada ya mama yao kufa; alimsuka, alimpeleka shule, alimwoza. Alikuwa amelazwa katika hospitali ya mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Madaktari walikuwa wamemwekea upasuaji wa moyo Jumanne, tarehe kumi na tano mwezi wa pili.

"Nasikia unatoka tarehe kumi na saba," dada alisema. "Basi tutaonana nikishapasuliwa, mdogo wangu. Mungu akipenda."

Sauti ilikuwa ya kawaida, lakini alikohoa kabla ya kusema Mungu akipenda, na Bi Tarehe alimjua dada yake. Akamwambia, "Nitafika kabla."

"Usiivunje eda ya mumeo kwa ajili yangu."

"Siivunji. Naihesabu."

Shemeji alipopata habari alikuja jioni ileile, akakaa kwenye kiti cha mlangoni na kofia mapajani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema watu wameshaambiwa, binti ameshakata tiketi, na mjane akionekana stendi ya mabasi siku kadhaa kabla, watasema hakuweza kumvumilia mumewe hata kaburini. Kuhusu mgonjwa, alimkumbusha kuwa dharura ina ruhusa yake. Aombe ruhusa, watu waelezwe. Bi Tarehe akamjibu kuwa ruhusa anaijua, lakini haitaki, kwa sababu deni lake kwa marehemu anataka alilipe lote, lisibaki hata tone. Akamwomba amwite mwalimu wa msikiti.

Mwalimu alikuja kesho yake, kijana kwa umri lakini mtaratibu. Akasikiliza pande zote, kisha akaomba cheti cha kifo. Kilikuwa na tarehe tu, saba mwezi wa kumi. Akakirudisha.

"Cheti hiki hakinitoshi, mama," alisema. "Siku ya jua huanza usiku wa manane. Yetu huanza jua linapozama. Tarehe saba ile ina siku mbili ndani yake: mchana wake ni Mfunguo Tano, na baada ya magharibi ni tarehe mosi Mfunguo Sita. Akiwa amefariki mchana, mwezi wa kwanza wa eda umekatika, na mwezi uliokatika hujazwa thelathini. Akiwa amefariki baada ya mwandamo, unahesabu miezi minne kama ilivyokuja, mirefu kwa mifupi, halafu siku kumi. Alifariki saa ngapi?"

"Baada ya adhana ya magharibi. Mwezi nilikuwa nimeshauona."

"Nani mwingine alikuwepo?"

Bi Tarehe alitazama sakafu. Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemuuliza. Walimuuliza kama amekula, kama analala, kama anahitaji sukari. Lakini dakika ile aliibeba peke yake, na sasa kuitaja mbele ya watu kulikuwa kama kuifungua kutoka kwenye kitambaa.

"Hakuna," alisema. "Aliniuliza kama umeandama. Nikamjibu. Nilipogeuka alikuwa amekwenda."

Shemeji aliinua uso. Kwa miezi yote hiyo alikuwa akidhani kaka yake alikufa usingizini wakati wao wako kwenye swala, asiseme neno. Aliikunja kofia, akaikunjua.

Mwalimu akasema ushahidi wake unatosha, maana eda ni yake na amana ni yake. Mfunguo Tisa ukikamilisha thelathini, siku ya kumi ya Rajabu, mwezi unaofuata, itaisha kwa magharibi ya Jumamosi, tarehe kumi na mbili. Na jua likishazama siku hiyo, yuko huru.

Mfunguo Tisa ukakamilisha thelathini.

Jumamosi ile hakuja mtu. Wengine walikuwa na tarehe yao, na wachache waliosikia waliona afadhali wakae pembeni. Jua lilipozama Bi Tarehe alioga, akavaa gauni la bluu ambalo lilikuwa limelala sandukuni, akafungua mlango wa mbele. Barabara ilikuwa ileile. Mwenye duka la upande wa pili alikuwa akiteremsha mbao za dirisha, na paka alipita. Alikuwa amedhani kutoka kutakuwa na uzito fulani, kwamba kitu kitamwachia. Akashuka ngazi moja, akasimama, akapanda tena akafunga mlango. Kisha akaswali, akafunga mkoba wake.

Alfajiri, alipokuwa akiufunga mlango kwa ufunguo, alimkuta shemeji yake nje, amevaa koti la kazi. Aliuchukua mkoba, wakaenda hadi stendi. Pale basini, akiutia mkoba juu, alisema, "Sikujua kuwa alizungumza."

"Alizungumza," Bi Tarehe alijibu.

Alifika hospitali jioni, muda wa wageni ukielekea kwisha. Dada yake alikuwa mdogo ndani ya shuka, kama nguo iliyorudi kwa dobi ikiwa imeruka na kufupika. Siku ya pili nzima walikaa pamoja. Hawakuzungumza mambo makubwa. Walibishana kuhusu rangi ya mlango wa nyumba waliyokulia. Dada akamuuliza alihesabu vipi akafika, naye akamweleza, na dada akacheka mpaka muuguzi akaja kumtuliza. Alikuwa akisema siku zote kwamba kichwa cha mdogo wake kina mwezi ndani.

Jumanne asubuhi walimsukuma akiwa kitandani wakapita naye mlango wa vioo. Hakurudi. Daktari alitoka mwenyewe kusema.

Bi Tarehe alikuwa mmoja wa waliomwosha. Jumatano wakamzika.

Alhamisi, tarehe kumi na saba, binti yake alishuka ndege, akakuta ujumbe wa baba yake mdogo uliomweleza yote, akapanda basi badala ya kwenda nyumbani. Mama yake alimsubiri stendi. Begi la binti lilikuwa na gauni jipya la kijani lililokunjwa kwa karatasi nyororo, lile la kumtolea mama mlangoni mbele ya watu. Alikuwa amechoka na macho yamevimba, na jambo la kwanza alilosema halikuwa pole.

"Mbona hukuniambia kuwa nimekosea? Ningekuja siku ile. Ulitoka peke yako, mama."

"Ulikuwa umefurahi," Bi Tarehe alisema. "Nikaona niiache."

"Ungeniambia tu."

Walikaa kwenye benchi la saruji, begi kati yao, mabasi yakiingia na kutoka. Binti alitoa simu, akaishika mkononi bila kuifungua, akamwomba mama amweleze mama mkubwa amekufa lini kwa mwezi, na ilikuwa kabla ya magharibi au baada.

"Kabla. Asubuhi," Bi Tarehe alisema, akasogea kumkaribia. "Ilikuwa bado kumi na tatu Rajabu."

Likizo ya binti ilikuwa imebakiza wiki moja.