I ya Kufukiza

Benedikto alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kuuliza. Ukimpa karatasi asome makosa, atakurudishia imejaa alama za kuuliza pembeni, mpaka unajuta kumpa. Sisi wapanga herufi za risasi katika kiwanda cha chapa cha Bwana Taiyeb, pale Kurasini karibu na magodauni, tulimwita Sheikh Kulikoni. Mimi nilikaa naye miaka mingi na nilimpenda, lakini siku ile nilitamani awe bubu.

Kazi ililetwa na wakili Pyarali. Rufani ya kesi ya mauaji ilitakiwa ipigwe chapa kitabu kizima, Kiingereza kwa Kiswahili, ili majaji waisome. Ukurasa mmoja ulikuja kwa picha, zile picha za fotostati ambazo karatasi inakuwa nyeusi na maandishi meupe. Ulikuwa maelezo ya mshitakiwa, yaliyoandikwa kwa mkono na karani siku alipokamatwa, na chini yake tafsiri ya Kiingereza. Jina la mshitakiwa lilikuwa Albano.

Benedikto alipoliona alikaa chini. Albano alikuwa mtoto wa Sesilia, mama wa Kusini aliyempangisha chumba kule Temeke. Mama huyo alikuwa haulizi tena habari za mwanawe, anamtazama tu mpangaji wake anaporudi kazini, na kutazama kule ni kubaya kuliko kuuliza.

Mimi niliwahi kufundisha shule huko kwetu Bukoba, na Kiswahili kibovu kinaniwasha. Nikaanza kusafisha. Palipoandikwa "mie" nikataka kuweka "mimi". Benedikto akanishika mkono.

"Revelian, acha. Hayo ni maneno ya mtu."

"Ni Kiswahili cha mtaani. Majaji watamdharau."

"Wamdharau akiwa yeye. Kichwa cha juu kimetoka ofisi ya wakili, hicho tutakinyoosha kwa kanuni. Tukichagua mshitakiwa au mshtakiwa, tuchague moja kitabu kizima. Lakini alichosema yeye hatuongezi wala hatupunguzi. Hata Kiingereza cha karani si kazi yetu."

Nikamwachia. Huwezi kubishana na Benedikto juu ya neno, utakonda.

Basi tukafika mstari wa nne. Karatasi ilikuwa imekunjwa hapo kabla ya kupigwa picha, na ukunjo ulipita katikati ya neno. Yalisomeka hivi: "Mke wangu alishikwa na homa. Mie nikamfuk-za, nikamfunika shuka. Akalia, akakimbilia nje, akatumbukia kisimani." Herufi moja ilikuwa imemezwa. Kiingereza chini yake kilisema: "I drove her out and covered her with a *shuka*." Yaani alimfukuza. Na lile neno shuka mfasiri alilibeba zimazima, nikalipanga kwa herufi za mlazo kama ilivyo desturi yetu kwa neno la Kiswahili lililoingia katika Kiingereza. Jaji Mzungu angejuaje kama shuka ni kitu cha kumfunika mgonjwa au maiti?

Benedikto akausoma mstari kwa sauti, akarudia. Halafu akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo.

"Mtu akimfukuza mkewe, anamfunika shuka saa ngapi? Hakumfukuza huyu. Alimfukiza!"

Hata mimi niliona. Kwetu na kwao Kusini mwenye homa anakalishwa mbele ya chungu cha majani yanayochemka, anafunikwa gubigubi, anavuta mvuke mpaka atoke jasho. Mwanamke alizidiwa na joto, akachoropoka, akakimbia hajui aendako. Kisima, kwa kurasa nyingine za kesi, hakikuwa na ukuta. Majirani walisikia kilio tu. Kwa herufi moja mume mwenye huruma amekuwa muuaji.

Tukamwita wakili. Pyarali alizaliwa hapahapa, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na kesi aliisoma kwa Kiingereza. Alipoelezwa alivua miwani, akatutazama mmoja mmoja.

"Chapeni mnachokiona," akasema. "Kama Kiswahili kinasema fukiza, tafsiri ni mbovu, na mimi nitasimama juu ya neno hilo. Sina kitu kingine."

Nikaipanga. I, nyembamba, ikakaa mahali pake vizuri. Bwana Taiyeb akasema kazi iishe. Mstari ulikuwa na shaka, shaka iliegemea upande wa haki, na karani wa mahakama wa kulinganisha nakala angepiga muhuri bila kusoma Kiswahili. Wote tulijua hivyo. Kulikuwa na mlango umeachwa wazi kidogo, na tulichotakiwa kufanya ni kutousukuma.

Benedikto akachukua prufu, ile chapa ya kusahihishia, akaandika pembeni: "Ukunjo. Ilinganishwe na karatasi yenyewe."

"Wewe una wazimu?" nikamwambia.

"Wakisema tumebuni? Tukiwa na karatasi yenyewe, hakuna wa kumpinga wakili. Mie nina hakika ni i. Sikisii, Revelian. Maneno yenyewe yanasema."

Kumbe maneno yenyewe hayaandiki. Anayeandika ni karani.

Tulikwenda mahakamani watatu, mimi, Benedikto na Pyarali. Faili ikafunguliwa. Karani wa pale akaunyoosha ule ukunjo kwa kidole gumba, taratibu, maana karatasi ilikuwa imeanza kuchanika. Pale palikuwa na u. Wino mweusi, miguu miwili, mkia wake. Hata kipofu angeisoma. Aliyeandika alisikia fukuza, au alikuwa hajui fukiza ni nini, au alitaka kwenda kula. Hatutajua.

"Lakini amekosea!" Benedikto akapaza sauti. "Soma neno linalofuata, bwana. Amemfunika shuka!"

"Wewe ni mpiga chapa au shahidi?" karani akauliza, na hakuuliza kwa ubaya.

Pyarali alijaribu. Alisema atalieleza jambo la shuka kwa mdomo mbele ya majaji. Alisema hivyo huku anafunga mkoba, na sikupenda jinsi alivyoufunga.

Jioni nilimsindikiza Benedikto Temeke, maana nilimwogopea. Sesilia alikuwa uani.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba, wanangu."

Benedikto akamweleza yote, hakujificha. Akachora i kwenye vumbi kwa kijiti, kando yake akachora u. Mama yule hakujua kusoma. Alizitazama muda mrefu.

"Majani nilichuma mie," akasema. "Mie ndo nilimwambia amfukize. Mbona hawakuniuliza?"

Akakichukua kile kijiti mkononi mwa Benedikto.

"Na kabla hamjaenda kuangalia, ilikuwa ipi?"

"Ilikuwa haijulikani, mama."

"Basi si mngeiacha."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angetutukana. Benedikto aliinama palepale akilia kama mtoto, na ni yeye mama aliyembembeleza.

Asubuhi prufu ilikuwa mezani kwangu. I imekatwa kwa wino mwekundu, pembeni Benedikto ameandika u, kwa mwandiko wake uleule mzuri. Nililegeza mstari, nikaichomoa ile i kwa koleo na kutia u. U ni nene, mstari ukagoma kuingia. Ilibidi nipunguze nafasi kati ya maneno, mahali fulani. Nilipunguza baada ya "mie", neno lenyewe sikuligusa.