Wimbo wa Obiero Usikatike

Siku ya kumzika Kimeli, mchuma chai aliyeuawa kwa mshale katika machafuko ya kikabila ya mwaka 1992, wimbo ulikatika katikati. Karatasi za kwaya zilikuwa zimechapwa ovyo. Ubeti wa tatu ulianzia chini ya ukurasa, mistari miwili ikaangukia nyuma, na kiitikio kiliandikwa upande wa mbele tu. Wanakwaya wakageuza karatasi, wakageuza tena kutafuta kiitikio, sauti zikadondoka moja moja mpaka kukawa kimya.

Katika kimya hicho mtu akasema, "Nyinyi watu wa ziwani mnamwimbia mliyemuua wenyewe."

Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia. Panga zikatoka chini ya makoti. Obiero, fundi wa kiwandani kutoka ziwani aliyeimba besi, akakatwa shingoni kando ya kaburi. Nelvine, mwanakwaya mwenzake aliyekuwa amesimama mbele yake, alihisi damu ya moto ikimwagika mgongoni kabla hajajua ni ya nani.

Nelvine alikuwa mpigaji taipu katika ofisi ya kiwanda cha chai, upande wa Kipkelion. Kesho yake Opiyo, mwalimu wa kwaya, alimfuata ofisini, mkono umefungwa kitambaa.

"Tunamtoa Obiero kanisani Ijumaa, tumpeleke kwao," Opiyo alisema. "Lori haliwezi kupanda, barabara imezibwa kwa magogo. Itabidi tumbebe mpaka chini."

"Na vijana wa kwetu wenye panga?"

"Wazee wenu wa Kipsigis wamewakataza kugusa watu walio katika ibada. Lakini vijana wamejibu kwamba wimbo ukikoma, ibada imekwisha."

Nelvine akavuta stensili, karatasi ya nta ya kuchapia nakala, akaiingiza kwenye taipureta.

"Beti ni sita, Mwalimu?"

"Sita. Na hatuwezi kugeuza hata mara moja. Mkono mmoja uko kwa karatasi, mwingine unamshika mwenzako."

Akaugawa ukurasa safu mbili: beti tatu kushoto, tatu kulia, kila ubeti mzima mahali pake. Kiitikio alikiandika chote chini ya kila ubeti, akakisogeza ndani kidogo na kutanguliza herufi K, ili jicho likipate bila kutafuta. Mistari ilipokaribia kuzidi, alibana nafasi kati ya beti, hakuthubutu kuupeleka hata mstari mmoja nyuma. Chini kabisa akaandika: *K irudiwe mpaka jeneza lipande lori.* Wimbo wa kanisani aliuweka upande wa pili, ili karatasi igeuzwe wakati wa maombi, kabla hawajatoka.

Ijumaa walitoka wakiimba. Vijana walikuwa wamejipanga pande zote mbili za njia, kwenye kingo za mashamba ya chai, wana panga, rungu na pinde. Katika ubeti wa pili jiwe la kwanza likampiga mbebaji gotini. Aliyumba, mwingine akaingia chini ya jeneza, na sauti ya nne, ile ya besi, haikuacha. Katika ubeti wa nne Opiyo alipigwa rungu mdomoni. Alitema meno mawili na kuendelea kuongoza kwa mkono, damu ikichuruzika kidevuni.

Mbele ya magogo alisimama Kipruto, kaka yake Nelvine.

"Toka kwa hao watu," alimwambia kwa Kikipsigis.

Nelvine hakuweza kumjibu bila kuacha kuimba. Alimtazama, akaingia ubeti wa sita. Kipruto akampiga kwa ubapa wa panga usoni. Nelvine alisikia mfupa ukivunjika, upande mmoja wa dunia ukawa mweusi. Phelis, mwanakwaya aliyekuwa akimshika mkono, akamwinua kabla magoti hayajagusa chini. Kwa jicho lililobaki Nelvine aliona herufi K, akaianza, sauti ikitoka na damu.

Walikirudia kiitikio wakipanda magogo. Walikirudia jeneza likisukumwa juu ya lori. Mzee Kipkoech, baba yao Nelvine, alikuja mbio kutoka juu akiwa na fimbo yake, akasimama kati ya Kipruto na kwaya, naye akaanza kuimba, ingawa hakuwa na karatasi na maneno hakuyajua vizuri. Kipruto hakuinua panga tena. Kijana mwingine aliinua, likashuka begani kwa mzee.

Lori likaondoka na Obiero, na Opiyo, na wote wa kwao. Hawakurudi.

Mzee Kipkoech aliishi, mkono wake ukiwa umekufa. Nelvine alipoteza jicho la kushoto. Kipruto alimpeleka hospitali akiwa amembeba mgongoni. Wodini, baada ya siku nyingi, ndipo alipomuuliza, "Ungeacha kuimba kidogo tu unijibu, ingekuwaje?"

"Vijana wangewaua wote," Nelvine alisema. "Na wewe ungekuwa mmoja wa wauaji."

Kipruto akammenyea chungwa, akamwekea vipande mkononi.