Karatasi Iliyobaki Manjano

Etabo alikuwa akisema, mbele ya yeyote mwenye masikio na dakika mbili za kupoteza, kwamba tangu amalize diploma hakuna sampuli iliyowahi kumdanganya. Sampuli ni kama mtoto mdogo, alisema, ukiiuliza vizuri inasema yote. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya mifugo mjini Lodwar, chenye feni inayozunguka pale inapojisikia, lakini Etabo alitembea ndani yake kana kwamba kina ghorofa saba.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mwaka 2013, zililetwa kwa pikipiki chupa mbili kutoka Kakuma. Ndani yake kulikuwa na majani yaliyotafunwa, yaliyotolewa kwenye tumbo la mbuzi wa mzee Longor. Mbuzi kumi na mmoja walikuwa wamevunja ua wa zizi lao mchana wa jua kali, wakaingia kwenye shamba dogo la Ayen, mama mkimbizi aliyepanda mtama nyuma ya nyumba yake kambini, wakala machipukizi ya mtama uliokwisha kukatwa na kuchipua tena kwenye ukame. Hawakufika mbali. Walianguka wote palepale, miguu ikitetemeka.

Tatizo la Ayen lilikuwa mdomo wake. Wiki moja kabla ya hapo alisema, na majirani watatu walimsikia, "Hawa mbuzi wakirudi tena nitawatia dawa." Sasa chifu alikuwa amesema maneno machache tu: matokeo yakionyesha sumu ya mtama wenyewe, basi ni ajali ya mbuzi. Yasipoonyesha, Ijumaa Ayen anakabidhiwa polisi.

Etabo alichukua chupa ya kwanza. Alitaka kwanza kujua mbuzi walikula nini, na majani ya kijani hayaonekani vizuri kwenye hadubini mpaka yang'arishwe. Dawa ya kung'arisha ilikuwepo: klorali haidreti, fuwele nyeupe zilizoyeyushwa majini, zilezile ambazo daktari wa mifugo hutumia kuwalaza ngamia wakorofi. Kawaida ni tone moja kwenye kioo. Lakini saa sita ilikuwa imekaribia, njaa inauma, na Etabo alimimina robo kikombe ndani ya chupa yenyewe. Akai, mama aliyekuwa akisafisha na kutunza friji, alimshikia chupa isiyumbe.

Kwenye hadubini aliona mtama, bila shaka yoyote. Akaning'iniza karatasi ya pikireti juu ya chupa ileile, akaiziba, akaenda kula. Karatasi hiyo ni ya manjano. Kukiwa na sianidi, ile sumu ya mtama, inayopanda kama mvuke, inageuka rangi ya hudhurungi. Aliporudi ilikuwa manjano kama kiini cha yai. Akaandika na kumtumia chifu: wamekula mtama, sianidi hakuna. Chupa ya pili ikabaki kwenye friji bila kufunguliwa.

Alhamisi asubuhi mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliingia kijana mrefu, vumbi la barabara ya Kakuma limemfika kwenye nyusi.

"Ejok," alisalimia kwa Kiturkana, bila kusubiri jibu. "Mimi ni Kuol, nasoma kemia kwa posta kule kambini. Ayen ni dada wa baba yangu. Wewe ndiye daktari wa karatasi?"

"Mimi ndiye mtaalamu wa maabara."

"Sawa, mtaalamu. Shangazi yangu amelala macho siku tatu kwa sababu ya mstari wako mmoja. Mtama uliokatwa, ukachipua kwenye ukame, hauna sianidi? Hata mtoto wa darasa la nne huku anajua kufukuza mbuzi hapo."

Etabo alihisi masikio yakiwaka moto. Yeye, aulizwe hivyo, na mtu wa kambini anayesoma kemia kwa posta?

"Mwalimu wa posta, karatasi haina kabila. Haimjui shangazi yako wala mzee Longor. Ilikaa manjano."

"Nionyeshe ulivyofanya. Kila hatua."

Etabo alimwonyesha, tena kwa madaha, ili amkomeshe. Alipofika kwenye klorali, Kuol aliinua mkono.

"Rudia hapo. Hiyo umeiweka wapi?"

"Kwenye sampuli. Ni maji tu na dawa ya ngamia, haina sianidi."

Kuol alicheka, lakini kicheko hakikuwa cha furaha. Alitoa kwenye begi lake machipukizi ya mtama wa Ayen, akayaponda, akayagawa kwenye chupa mbili na kuziziba. Baada ya muda akamimina klorali kwenye moja, maji matupu kwenye nyingine, akaning'iniza karatasi kwa zote mbili.

"Tungoje. Wakati tunangoja, nikueleze ulichofanya, maana nimekasirika na nikinyamaza nitapasuka."

Alichukua kalamu, akachora kwenye kiganja chake kaboni iliyoshikwa na oksijeni kwa mikono miwili.

"Hii ni kabonili. Oksijeni inamvuta, kaboni inabaki na njaa ya elektroni. Maji yakija, yanaweza kumshika. Sianidi ikija, inaweza pia. Lakini wanashika na kuachia, wanashika na kuachia. Swali ni upande gani umezidi. Kwenye mtama sianidi imeshikwa na kaboni ya aina hii, na jirani wake ni pete ya kaboni sita inayomlisha elektroni, na pete yenyewe inasukumwa na oksijeni nyingine ya upande wa pili. Ameshiba. Anaachia sianidi kirahisi, na ndiyo inayoua mbuzi. Umenielewa?"

"Endelea."

"Kwenye klorali, jirani yake amebeba klorini tatu. Tatu, kaka. Zote zinavuta elektroni upande wao. Kaboni inakufa njaa, inashika chochote kinachopita. Ndiyo maana maji yamekaa pale mpaka unayapata kama fuwele kavu. Sasa sianidi ikitokea, maji yanampisha, sianidi inakaa pahali pake na haitoki. Imo ndani ya chupa yako, mtaalamu. Ila haipandi kwenye karatasi."

Etabo akaangalia chupa badala ya kumwangalia mtu. Ile ya maji ilikuwa na karatasi ya hudhurungi, kama chai iliyokaa. Ile ya klorali ilikuwa manjano, manjano ileile ya Jumatatu.

Akafungua friji, akatoa chupa ya pili ya tumbo la mbuzi, akaning'iniza karatasi juu yake bila kutia klorali. Karatasi ikageuka hudhurungi kabla hajakaa kitini.

Ijumaa walikuwa Kakuma, chini ya turubai la chifu. Longor alikaa upande mmoja na fimbo yake, Ayen upande wa pili na mikono mapajani. Etabo alisimama, akasafisha koo, akasoma matokeo mapya: sumu ilikuwa ya mtama wenyewe, hakuna mtu aliyeweka dawa.

"Basi ni ua wangu na mbuzi wangu," alisema Longor. "Mama, ejok."

Ayen hakujibu salamu. "Siku nne," alisema. "Siku nne mliniita muuaji. Nani alikosea?"

Chifu alimgeukia Etabo. Etabo alitazama watu wote wale, akaona diploma yake ikining'inia juu ya vichwa vyao.

"Ni sampuli ya kwanza," alisema. "Ilichelewa njiani. Jua, barabara, mnajua. Mwenye pikipiki aliiharibu. Maabara haikuwa na…"

Akai, aliyekuja amebeba kisanduku cha barafu, alikuwa amekaa mwishoni mwa benchi. Aliweka kisanduku chini polepole.

"Etabo," alisema, "si ni wewe ulimimina dawa ya ngamia ndani? Mimi ndiye nilikushikia chupa."