Kiolezo cha Sindano

Sindano aliingia saluni kwangu saa nne asubuhi akiwa na mkasi wake mwenyewe, nikajua leo hakuna mchezo. Yeye ni mshonaji wa mtaa wa pili, na nusu ya wanawake wanaokaa kwenye viti vyangu huvaa kazi ya mikono yake. Akisema neno, linafika kila nyumba kabla ya chai ya saa kumi.

"Nywele zimeungua na dawa mpaka kati," akasema, akivua kilemba. "Nakata. Lakini nikidanganywa kama mdogo wangu, hapa hakai mtu tena."

Nikazima kikausha nywele. Habari ya mdogo wake tulikuwa nayo wote. Mwezi uliopita jirani yangu mpiga picha, tunayemwita Kamera, alimwonyesha binti huyo kwenye laptopu jinsi atakavyopendeza na nywele fupi. Binti akakatwa, akajitazama kwenye kioo, akajifunga mtandio wiki tatu. Kamera alipokuwa akisukuma nywele ndani pale kwenye picha kwa brashi ya kompyuta, alisukuma na mashavu, uso ukawa mwembamba. Uso aliouona binti yule haukuwa wake.

Nikamwita Kamera. Akaja na laptopu kwapani na uso wa mtu aliyeitwa polisi.

"Dada, safari hii nimejifunza," akasema.

"Tutaona," Sindano akamjibu.

Alimpiga picha kwenye pazia la kijivu, nywele zikiwa kando ya uso bila kuufunika utaya. Akaifungua kwenye laptopu, akachukua brashi akaupaka uso mzima rangi nyekundu: paji, mashavu, masikio, kidevu, shingo na mabega.

"Palipo pekundu pamefungwa," akatueleza. "Nikisukuma, hapasogei."

"Subiri kwanza."

Sindano akatoa pochini nailoni angavu ya kufunikia madaftari, akaibandika juu ya kioo cha laptopu kwa utepe. Akachukua wanja wangu, akachora pembe nne za picha, kisha akafuata mstari wa uso wake taratibu, kama anavyochora kiolezo cha kukatia blauzi. Akaibandua.

"Usiikuze picha wala usiipunguze. Endelea."

Kamera akachukua brashi pana, akaanza nje ya nywele akizisukuma ndani na kuzipandisha kidogo kidogo mpaka zikakoma utayani. Pazia likafuata nyuma bila alama. Pale ncha zilipokuwa zimegusa bega, akaziba kwa kunakili kitambaa cha blauzi cha pembeni. Akafuta wekundu.

Jamani, Sindano alipendeza. Mteja wangu wa kiti cha dirishani akasema, "Shoga, umerudi kuwa mwali." Mimi mwenyewe nilishaanza kutafuta kitana.

Sindano akarudisha nailoni, pembe kwa pembe. Akainama.

"Hapa," akasema. Chini ya sikio la kulia mstari wa wanja ulikuwa nje ya shavu.

"Dada, huo ni unene wa uzi."

"Unene wa uzi kwenye kwapa la gauni, mtu hainui mkono."

Kamera akajikuna. Akairudisha picha ya mwanzo, akaupaka uso wekundu tena, akatuonyesha kosa: brashi yake ilikuwa na kingo laini, rangi ya pembezoni ikawa hafifu, na penye rangi hafifu panasogea nusu. Safari hii akazifanya kingo kali, akauvusha wekundu kidogo nje ya utaya. Akasukuma upya. Nailoni ikarudi. Mstari ukalala juu ya mstari.

Na Sindano hakupendeza. Mashavu yalikuwa yale yale tunayoyajua, mapana, na nywele zimekoma papo hapo kama kifuniko. Mteja wa dirishani akajishughulisha na simu yake. Mimi nikaweka kitana chini, maana sasa ataondoka, na ataondoka na watu.

Hakuinuka. Aliitazama ile picha kama anavyotazama sketi mbaya ya mtu mwingine.

"Pindo limekatiwa kwenye unene," akasema. "Hakuna mguu unaopendeza sketi ikikomea kwenye kigimbi. Pandisha vidole viwili. Juu uache zijae."

Kamera akapandisha. Uso ukabaki umefungwa. Ni nywele tu zilizosogea, zikakoma usawa wa ncha ya sikio, na utosini akazivuta nje kidogo. Mashavu hayakupungua hata chembe. Ila sasa shingo ilionekana ndefu, na macho ndiyo yakawa wenye nyumba.

Nailoni ikawekwa mara ya tatu. Mstari juu ya mstari.

"Huyu ni mimi," Sindano akasema. Akanipa mkasi wake. "Kata hapo hapo, usiongeze wala usipunguze hata uzi."

Nilikata nikiwa na laptopu mbele yangu. Nilipomgeuzia kioo, alijitazama muda mrefu, akakunja kilemba akakitia pochini. Kisha akamwambia Kamera asiifunge laptopu.

"Namwita mdogo wangu. Na yeye zake zimekomea kwenye unene; vidole viwili tu vilimponza."