Majibu Yote Mazuri

Siku mkaguzi alipotia sahihi na kusema maabara imefaulu, Kaka Sindano alirusha kofia yake juu ikanasa kwenye feni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkuu wa maabara, mwanamke waliyemwita Darubini kwa jinsi asivyopitwa na kitu, alisimama kando ya jokofu la damu akiingoja furaha ifike. Alijua iko njiani. Kwa miezi mitatu walikuwa wamehangaika pamoja na mafaili, vibandiko na tarehe za dawa za kupimia. Kaka Sindano, mtoa damu wao, alikuwa halali, na akilala anaota kapoteza chupa za wagonjwa. Jioni ile ile alikula sahani mbili akalala kama gogo. Darubini alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi na viatu miguuni, mpaka mumewe akamuuliza kama anatoka tena.

"Nimechoka tu," alisema.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mwema ambaye duniani alijua tiba moja: zima, ipumzike, washa tena. Basi wakamzima. Alichukua likizo ya wiki mbili. Alikaa ndani, pazia limefungwa, chakula hakina ladha, macho yanafumbuka saa kumi alfajiri na hayafumbiki tena. Binti yake akang'oka jino la kwanza, akamletea kiganjani, akicheka na pengo lake. Darubini akasema hongera. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema hongera kama mtu anayesoma kibandiko, akangoja ahuzunike kwa hilo angalau, lakini hata huzuni haikuja. Likizo ikaisha, akarudi kazini.

Sasa, mtu wa maabara ana ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni kutoamini kisichopimika. Hata kabla ya likizo Darubini alikuwa amejifunga mpira mkononi kwa meno, akajitoa damu mwenyewe, akaipitisha mashineni kwa jina la "Jaribio". Akapima wingi wa damu, sukari, figo, ini na tezi ya shingo. Majibu yote mazuri. Hakuridhika, akarudia, na baada ya likizo akarudia tena. Kila jibu zuri lilimwondolea kisingizio kimoja. Kama mwili hauna kitu, aliwaza, basi mbovu ni mimi, mvivu na mzigo kwa watu. Hivyo ndivyo mwanamke mwenye akili zake timamu, aliyewafundisha wengine kusoma vipimo, alivyosoma chake kichwa chini miguu juu.

Akaandika barua ya kuacha kazi, mistari miwili. Akaitia mfukoni mwa koti jeupe, aipeleke kwa mganga mkuu wa hospitali Ijumaa. Kazi ndiyo iliyomharibu, au yeye ndiye aliyeiharibu kazi. Hakuwa na nguvu za kuchagua. Baada ya Ijumaa hakuona kitu chochote, na hilo halikumtisha.

Alhamisi Kaka Sindano alikuwa akisafisha kumbukumbu za mashine. Akamwita, sauti chini.

"Dada, huyu Jaribio ni nani? Kapimwa mara kumi na nne. Mwanamke, miaka thelathini na tisa."

Darubini aliendelea kubandika vibandiko kwenye chupa.

"Ni wewe. Una nini? Niambie, sitamwambia mtu."

"Sina kitu. Yote mazuri."

"Mbona unaniambia kama unanipa taarifa ya msiba?" Akavuta kiti. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakuwa na mzaha mdomoni. "Dada, mimi ukaguzi ulinitesa. Lakini mkaguzi alipoondoka na hofu yangu iliondoka. Hata katikati yake, mtu akinichekesha nacheka. Wewe ni wiki ya sita sasa, na juzi nimekuvalia glavu kichwani hukutikisa hata mdomo. Mimi si daktari. Twende chumba namba kumi na mbili."

"Kule kwa wagonjwa wa akili?"

"Kule kule. Damu zao tunapima sisi kila siku. Unadhani wao ni watu gani?"

Alikwenda kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu. Muuguzi wa chumba hicho, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alizisoma karatasi zote za Jaribio bila haraka, akamuuliza habari za usingizi, chakula na nyumbani, naye akamjibu yote mpaka la jino la mtoto.

"Umefanya vyema, Mama," alisema. "Ningeagiza vipimo hivi hivi. Tezi ikilegea au damu ikipungua, mtu huweza kuwa kama wewe. Hayo umeshayaondoa. Kosa lako ni kudhani ukishayaondoa hayo hakuna kilichobaki. Sonona ni ugonjwa, na hauna chupa yake ya kupimia."

"Ni kazi tu. Kazi yetu ina presha."

"Ingekuwa kazi, likizo ingekupunguzia japo kidogo. Hofu ya kazi ina sababu yake, na sababu ikiondoka nayo hupungua. Yako imeachana na ukaguzi siku nyingi. Imekula usingizi wako, chakula chako, mpaka jino la mtoto. Wiki mbili za hali hii zilitosha kukuleta hapa. Hukupaswa kungoja uanguke."

Akampa karatasi ya maswali tisa, akamweleza kwamba karatasi haimhukumu mtu, inafungua mazungumzo tu. Darubini aliweka alama upesi: karibu kila siku, karibu kila siku, zaidi ya nusu ya siku. Akafika la tisa, kama amewahi kufikiri ni heri afe. Hapo kalamu ikasimama. Alijua vizuri jibu gani lingemruhusu atoke na barua yake mfukoni. Muuguzi hakumharakisha.

"Siku kadhaa," alisema.

"Asante kwa kuniambia. Umefikiria namna?"

Darubini alifungua kishikizo kiunoni, akatoa ufunguo wa kabati la kemikali, akauweka mezani. Kisha akatoa na barua, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vya Ijumaa.

Mzee hakushtuka. Alimwita Kaka Sindano aliyekuwa akingoja nje, akampa ufunguo na kumwambia tangu sasa kabati ni lake. Barua hakuichana. "Uamuzi mkubwa kama huu usiufanye ukiwa mgonjwa. Daktari anakuona leo hii, mimi nitakuwa nawe mpaka umwone. Kuna mazungumzo, huenda na dawa. Itachukua wiki kadhaa, sikudanganyi. Sasa nani wa nyumbani nimpigie?"

Mumewe alifika na ovaroli la kazi, mikono ina grisi, akasimama mlangoni akimtazama muuguzi badala ya mkewe.

"Uchovu umemzidi, siyo? Nilimwambia apumzike."

"Si uchovu," Darubini alisema. "Nimekuwa nikifikiri wewe na mtoto mtakuwa afadhali nikifa."

Safari hii fundi hakuwa na tiba. Aliketi kwenye benchi kando yake, akaushika mkono wake kwa mikono yake michafu, akalia kwa sauti, mtu mzima, mlango wazi na wagonjwa wakipita.

Darubini aliutazama mkono wake ndani ya ile mikono. "Nisamehe," alimwambia. "Sisikii kitu moyoni."

"Basi," mumewe akasema, pua imejaa, "nitasikia mimi kwa sasa."

Daktari alipoliita jina lake, waliinuka pamoja.