Kawaida ya Nyumba Yetu

Mdogo wangu Kanze alianza kuishiwa na pumzi kwenye ngazi tatu za darasa lao. Tatu! Nilimcheka mpaka nikakaa chini. "Mbuzi wa hawe amezaa mapacha juzi na bado anakushinda mbio," nikamwambia. Hawe ni bibi yetu. Nilipomkuta akitafuna udongo wa kichuguu kama njugu, nikambandika jina: Mchwa. Alikuwa na miaka kumi na sita na alicheka pamoja nami, ingawa midomo yake ilikuwa imepauka.

Jumanne alianguka gwarideni, shuleni kwetu. Mwalimu akatupakia kwenye gari lake mpaka hospitali ya Malindi, Kanze amelala mapajani mwangu, moyo wake ukipiga kama ngoma ya harusi bila harusi.

Nesi Hafidha alimvuta ukope wa chini akachungulia. Ndani ya jicho palikuwa peupe kama tui. Kipimo cha damu kikasoma nne nukta moja.

"Ya kutosha huanzia kumi na mbili," Hafidha akasema. "Mwanangu, hedhi zako zaja vipi?"

"Kawaida," Kanze akanong'ona.

Ndilo jibu alilotoa kwenye zahanati ya kwetu Jilore miezi miwili nyuma. Baba alikuwa amesimama kando yake, na kwetu mambo hayo hayatajwi mbele ya baba. Wakampima malaria, hana. Wakampa vidonge vya kuongeza damu vya wiki mbili, akavimeza kwa chai ya rangi. Nikamweleza Hafidha hayo yote, na udongo pia.

Hafidha akavuta kiti. "Kawaida yako siku ngapi?"

"Tisa."

"Pedi moja yakaa muda gani?"

"Saa moja, siku za mwanzo. Nikilala naweka na leso."

"Mabonge?"

"Kama maini ya kuku."

Nikadakia, "Si ndivyo kwa kila mtu? Hawe asema damu nyingi ni uzazi mwingi."

"Hawe wako ndiye atakayemwongeza damu?" Hafidha hakucheka. "Madini ya chuma yamo ndani ya damu. Kila mwezi amwaga mengi kuliko anayokula, mpaka akiba ikaisha, na mwili hauna cha kuundia damu nyingine. Ndiyo maana ala udongo, pumzi yamkatika. Wasichana wa umri wenu, hii ndiyo sababu niionayo kuliko zote. Na vile vidonge, chai huvizuia visifyonzwe, na huku bomba liko wazi."

Daktari akaandika dawa ya kupunguza hedhi, na damu mifuko miwili. Kwenye jokofu ulikuwapo mmoja.

"Toeni kwangu," nikasema, nikikunja mkono wa gauni. "Mimi nina damu ya kugawa."

Wakanichoma kidole. Hafidha akatazama kipimo, akanitazama mimi. "Nane nukta sita. Huwezi kutoa hata kijiko. Na wewe, mwanangu, zako ni siku ngapi?"

Nikashusha mkono wa gauni.

Ikabaki kumpigia Baba, ambaye mwalimu alikwisha kumpasha habari. Akapokea huku mbuzi analia karibu naye.

"Kabibi, niko kwa mganga. Asema ni pepo, ataka mbuzi mweusi. Mrudisheni Kanze nyumbani jioni hii."

"Baba, si pepo. Njoo utoe damu."

"Damu yake imekwenda wapi?"

Korido ilijaa watu. Wazee wawili kwenye benchi, kijana mwenye mguu wa plasta. Nyuma ya pazia nilisikia Kanze akivuta pumzi fupi fupi, kama mtu anayepanda ngazi zisizoisha.

"Hedhi, Baba." Sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wazee wakatazama sakafu. "Ni nyingi mno. Kila mwezi, siku tisa. Imemmaliza. Ukimrudisha nyumbani atakufa kwa pepo ambaye hayupo."

Mbuzi akalia tena upande wa pili.

"Mamako alikuwa hivyo," akasema. "Nilidhani amechoka na shamba."

Mama alifia uzazini, Kanze akiwa na miaka minne. Tuliambiwa damu ilikuwa kidogo mwilini. Hakuna aliyeuliza ilianza kupungua lini.

Baba alifika na bodaboda, matope ya njia mpaka magotini, akawapita wote akanyoosha mkono kabla ya kuambiwa akae. Mfuko wake ukajaa, ukapelekwa kupimwa. Saa kadhaa, walisema. Ule wa kwanza ulikuwa ukidondoka juu ya Kanze, tone, kisha tone, kwa uvivu wa kutia hasira.

Kanze akafumbua macho. "Umemwambia Baba?"

"Nimemwambia."

"Mbele ya watu?"

"Korido nzima. Pamoja na mguu mmoja wa plasta."

Akajifunika uso kwa leso. Chini ya leso pumzi zilikuwa bado fupi. Nikaanza kuzihesabu. Baba akavuta benchi karibu, akaniuliza taratibu, macho yake ukutani, "Na wewe, mwanangu? Zako?"

Nikamwambia.